Silinda ndani ya silinda: pipa la mafuta lililokaribia kurudishwa Unguja

Kisa hiki kilitokea Pemba. Nimeondoa jina la kijiji, la kikundi na la muuzaji, na mambo madogo mawili matatu nimeyabadilisha ili wahusika wasijulikane. Vipimo vimebaki kama tulivyoviandika kwenye daftari, pamoja na vile vinavyotutia aibu.

Usuli

Kikundi kimoja cha kukamua mafuta ya nazi kina mashine ya kusokota inayoendeshwa na mota kupitia giaboksi. Kibati cha giaboksi kinataka mafuta ya daraja la ISO VG 220. Maana ya daraja hilo ni kwamba mafuta yakiwa kwenye nyuzi 40 za selsiasi, mnato wake ukigawanywa kwa densiti uwe milimita mraba 220 kwa sekunde, na unaruhusiwa kupanda au kushuka asilimia 10 tu. Kwa hiyo ni kati ya 198 na 242. Daraja linalofuata juu, VG 320, huanzia 288 na kuishia 352. Katikati ya 242 na 288 hakuna daraja. Nafasi hiyo tupu ndiyo iliyokuja kutuamsha.

Pipa lilivuka bahari, likafika likiwa na lebo iliyolowa hata haisomeki. Fundi wa kikundi alichovya kidole, akasugua, akatikisa kichwa. "Haya mazito mno, maalim. Tukiyatia humu mota itaungua." Mwenyekiti hakutaka kulirudisha pipa kwa maneno ya kidole, wala hakutaka kuhatarisha mashine. Akaniuliza kama pale chuo cha amali tunaweza kupima. Nikasema tunaweza. Nilisema haraka kuliko ilivyofaa.

Kifaa tulichotengeneza

Mpango wetu ulikuwa ule wa zamani wa silinda mbili zenye kitovu kimoja, ambao Mfaransa Maurice Couette aliutumia mwaka 1890. Yeye alizungusha silinda ya nje. Sisi tuliona wepesi kuzungusha ya ndani, na kikombe cha nje kikae tuli ndani ya beseni la maji ya moto.

Silinda ya ndani ilikuwa na nusukipenyo cha milimita 30 na urefu wa milimita 100. Kikombe tulimwagiza fundi kereza akitoboe kipenyo cha milimita 61, ili mwanya ubaki nusu milimita kila upande. Chini, kati ya kitako cha silinda na sakafu ya kikombe, tuliacha milimita 1. Juu ya mhimili tulifunga kigurudumu cha uzi chenye nusukipenyo cha milimita 20, kipimo kikifika katikati ya unene wa uzi. Uzi ulipita juu ya kapi la beringi lililofungwa kwenye boriti, na mwisho wake ukaning'inia mzigo: chupa ndogo za mchanga zilizopimwa kwa mizani ya sonara.

Uzuri wa mzigo unaoanguka ni kwamba msokoto, yaani nguvu mara umbali wake kutoka kwenye mhimili, haupimwi bali unahesabiwa. Gramu 100 zikivuta kwenye milimita 20 zinatoa 0.1 × 9.81 × 0.02, sawa na nyutoni-mita 0.01962. Kinachobaki kupimwa ni kasi, na kasi inapatikana kwa kuhesabu sekunde ambazo mzigo unatumia kushuka mita moja. Sentimita 20 za mwanzo tuliziacha zipite bila kuhesabiwa ili mwendo utulie kwanza.

Hesabu yenyewe inatoka kwenye picha nyepesi. Mwanya ukiwa mwembamba kulinganisha na nusukipenyo, mafuta yaliyomo ni kama yamelazwa kati ya mbao mbili bapa, moja imesimama na nyingine inateleza. Uso wa silinda unakwenda kwa kasi ωR, ω ikiwa kasi ya kuzunguka na R nusukipenyo cha silinda. Mafuta yanayogusa silinda yanakwenda nao, yanayogusa kikombe yamesimama, na katikati kasi inashuka sawasawa. Kwa hiyo mkazo wa mafuta juu ya uso ni mnato mara ωR gawanya kwa mwanya h. Zidisha kwa eneo la ubavu, 2πRL, ambapo L ni urefu wa silinda, upate nguvu. Zidisha tena kwa R, upate msokoto:

```
M = 2π · μ · R³ · L · ω / h
μ = M · h / (2π · R³ · L · ω)
```

Tazama mahali ilipokaa h. Tutarudi hapo.

Siku ya kwanza: jibu zuri mno

Nilihesabu kuwa mwanya na nafasi ya chini vitachukua mililita 12.3 za mafuta. Tukavuta kiasi hicho kwa bomba la sindano, tukamimina, tukashusha silinda. Mafuta yalipanda mpaka ukingo wa juu wa silinda, yakaupita, na karibu mililita moja ikasambaa juu ya kichwa chake. Mwanafunzi akaifuta kwa kitambaa. Mimi nikatazama, nikanyamaza, nikaendelea. Ningekuwa na akili ya leo siku ile, ningesimama hapo hapo.

Tulisubiri dakika 20 mpaka kipimajoto kilichochovywa kwenye mafuta yenyewe, si kwenye maji, kisome 40. Kisha tukaachia gramu 100. Mzigo ulishuka mita moja kwa sekunde 25.4. Hiyo ni mita 0.0394 kwa sekunde, na ukigawanya kwa 0.02 unapata radiani 1.969 kwa sekunde. Nikaingiza kwenye kanuni:

```
μ = 0.01962 × 0.0005 / (2π × 0.03³ × 0.1 × 1.969) = 0.294 Pa·s
```

Mililita 100 za mafuta zilikuwa na uzito wa gramu 89, kwa hiyo densiti ni kilo 890 kwa mita ya ujazo. 0.294 gawanya kwa 890 ni milimita mraba 330 kwa sekunde. Jibu lilikaa katikati kabisa ya VG 320.

Kidole cha fundi kilikuwa sahihi, kanuni imekubali, na jibu limeangukia ndani ya daraja linalouzwa madukani. Mwenyekiti alianza kuulizia nafasi ya pipa kwenye boti. Kama jibu lingekuwa la ajabu, tungelitilia shaka. Hili lilikuja limevaa kanzu na kofia, nani amzuie mlangoni?

Siku ya pili: mafuta "yanayolegea"

Kilichotuokoa ni mwanafunzi aliyeona sekunde 25 ni nyingi, akataka mizigo mizito ili wamalize mapema. Walirudia kwa gramu 200 na gramu 300. Walipata sekunde 11.3 na sekunde 7.3. Akaja kwangu na majibu matatu ya mnato wa mafuta yale yale, kwenye joto lile lile: 0.294, kisha 0.261, kisha 0.253.

"Maalim, mafuta yanalegea tukiyazungusha kwa kasi."

Kuna vimiminika vya namna hiyo kweli. Ute wa mwani unafanya hivyo, na rangi ya ukutani pia. Lakini mafuta ya kawaida ya giaboksi, kwenye kasi ndogo kama zile, hayana tabia hiyo. Wala si kwamba yalipashwa joto na msuguano wake: nguvu iliyokuwa ikiingia kwenye mafuta, hata kwa mzigo wa gramu 300, ilikuwa chini ya nusu wati, na kikombe kimezungukwa na beseni zima la maji. Tukabaki na kifaa chenyewe.

Nikawaambia wachore mstari: msokoto kwenye mhimili wima, kasi ya kuzunguka kwenye mhimili wa chini. Nukta zilikuwa hizi:

```
M (N·m)     ω (rad/s)
0.01962     1.969
0.03924     4.425
0.05886     6.849
```

Nukta tatu zilikaa kwenye mstari mnyoofu vizuri sana. Hiyo ndiyo sura ya mafuta yenye mnato usiobadilika. Ila mstari haukupita kwenye sifuri. Ulikata mhimili wima kwenye 0.0038. Maana yake ni kwamba nyutoni-mita 0.0038 zinaliwa hata kabla silinda haijasogea: ni beringi ya mhimili na mpira wake wa kuzuia vumbi. Tulihakikisha kwa kukausha kikombe na kuning'iniza mizigo midogo. Silinda tupu ilizunguka kwa mwendo wa sawa ilipofika takriban gramu 20, na gramu 20 kwenye milimita 20 ni nyutoni-mita 0.0039. Njia mbili tofauti, jibu moja.

Kwenye gramu 100, karibu moja ya tano ya msokoto wetu wote ilikuwa ya beringi, sisi tukaiandikia mafuta. Kwenye gramu 300 sehemu hiyo ni ndogo, ndiyo maana mafuta yalionekana "kulegea".

Baada ya hapo hatukutumia tena nukta moja moja, bali mwinamo wa mstari: (0.05886 − 0.01962) gawanya kwa (6.849 − 1.969), yaani 0.00804. Kwa mwanya wa nusu milimita, mwinamo huo unatoa mnato wa 0.237, au milimita mraba 266 kwa sekunde.

Si 220, si 320. Limeangukia pale pasipo na daraja.

Siku ya tatu: mwanya

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile mililita iliyofutwa kwa kitambaa. Mafuta hayapungui wala hayaongezeki ndani ya kikombe. Kama yamezidi, basi nafasi ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani. Mwanya wa nusu milimita ungechukua mililita 9.5, na nafasi ya chini 2.8. Ukiondoa ile iliyomwagika juu, ubavuni ziliingia kama mililita 8.6 tu. Ugawanye ujazo huo kwa mzingo na urefu, unapata mwanya wa milimita 0.45.

Nilikwenda kwa fundi wa mashine za boti kuazima fila geji, yaani majani membamba ya chuma yenye unene unaojulikana. Jani la 0.50 halikuingia popote. La 0.45 liliingia kwa kubana. La 0.40 lilizunguka pande zote bila kukwama, na hilo lilitupa pia faraja kwamba silinda haijaegemea upande mmoja. Baadaye tulipata maikromita ya ndani, ikasoma 60.90 badala ya 61.00.

Fundi kereza hakuzembea. Alipima kwa venia kalipa yake, ikamwambia 61.0. Meno ya ndani ya kalipa hiyo yamelika kwa miaka ya kazi, na meno yaliyolika lazima yafunguke zaidi ndipo yaguse ukuta, kwa hiyo yanasoma tundu kubwa kuliko lilivyo. Ukiipima kalipa hiyo hiyo kwa nje iko sawa kabisa, ndiyo maana hakuna aliyeishuku.

Tulibaki na masahihisho mawili madogo. Kwanza, kanuni ya mbao bapa inauliza R ipi, ya ndani au ya nje? Mimi nilitumia ya ndani, 30. Ukitumia nusukipenyo cha katikati ya mwanya, 30.225, jibu linakaribiana na la kanuni kamili ya silinda mbili kiasi kwamba tofauti haionekani kwa vifaa vyetu. Kutumia ya ndani kulitupotosha kwa asilimia 2 na kidogo. Pili, kitako cha silinda nacho kinasuguana na mafuta ya chini. Kwa kitako bapa kilicho juu ya nafasi b, msokoto ni π·μ·ω·R⁴/(2b). Kwa milimita 1 hiyo ni kama asilimia 3 ya msokoto wa ubavu.

```
ubavu:   2π × 0.030225³ × 0.1 / 0.00045 = 0.0386
kitako:  π × 0.03⁴ / (2 × 0.001)        = 0.0013
μ = 0.00804 / (0.0386 + 0.0013)         = 0.202 Pa·s
```

Gawanya kwa densiti: milimita mraba 227 kwa sekunde.

Uamuzi na sababu zake

Nilimwambia mwenyekiti pipa lisirudi, nikamwambia pia kipimo chetu kinafika wapi. Kipimajoto chetu kinaweza kukosea digrii moja, na kwenye nyuzi 40 digrii moja hubadilisha mnato wa mafuta ya namna hii kwa asilimia 5 hadi 6. Mwanya tuliujua kwa kiasi cha milimita 0.01, ambayo ni asilimia 2. Ukijumlisha, 227 yetu ingeweza kuwa 212 au 243. Hatukuweza kuapa kwamba iko ndani ya mipaka ya VG 220 hadi nukta ya mwisho, ila tuliweza kusema kwa uhakika kwamba si VG 320, na si VG 150 ambayo mwisho wake ni 165.

Na tulichopima ni mnato tu. Kama mafuta yana viongezi vya kulinda meno ya gia, au yana maji, silinda mbili hazisemi. Kwa hilo tulichukua chupa moja, ikapelekwa maabara Dar es Salaam na mtu aliyekuwa akisafiri. Mafuta yalitiwa kwenye giaboksi huku tukisubiri, kwa makubaliano kwamba fundi ataweka mkono juu ya bodi kila asubuhi na jioni. "Mkono wangu huu?" aliuliza. "Ule mliokataa kidole chake?"

Matokeo

Jibu la maabara lilirudi baada ya wiki kadhaa: 221 kwenye nyuzi 40, hakuna maji. Tofauti na letu ni chini ya asilimia 3. Sehemu yake ni bahati, maana kipimajoto peke yake kingeweza kututupa mbali kuliko hapo. Giaboksi inafanya kazi.

Kidole cha fundi nacho kina maelezo yake. Alichovya asubuhi ya kipupwe, mafuta yakiwa na baridi ya usiku. Mafuta ya VG 220 yakishuka kutoka nyuzi 40 hadi 30, mnato wake unakaribia kuzidi maradufu. Hakukosea kwamba ni mazito. Yalikuwa mazito kweli, kwa saa ile.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibika

Kosa kubwa kupita yote kwa ukubwa wake lilikuwa beringi, lakini lenye hatari zaidi lilikuwa mwanya. Beringi ilijitangaza yenyewe tulipobadilisha mizigo. Mwanya haujitangazi. Ukikosewa, nukta zote zinabaki kwenye mstari mnyoofu ule ule, majibu yanakubaliana kwa kila mzigo, na yote ni ya uongo kwa kiasi kile kile. Ungeweza kurudia kipimo mara mia usiuone.

Hii ndiyo bei ya mwanya mwembamba. Tunauchagua kwa sababu unafanya hesabu iwe nyepesi, unafanya kasi ishuke sawasawa ndani ya mafuta, na unaongeza msokoto wa ubavu mpaka ule wa kitako uwe mdogo. Lakini h ni tofauti ya namba mbili kubwa zinazokaribiana. Milimita 0.1 kwenye kipenyo cha 61 ni kitu kidogo, haifiki hata moja ya mia mbili. Ikishuka kwenye mwanya wa 0.5 inakuwa moja ya kumi, na mnato unaibeba moja ya kumi hiyo nzima. Kwa hiyo mwanya upimwe wenyewe, kwa jani au kwa ujazo, usipatikane kwa kutoa kipenyo kwenye kipenyo. Bomba la sindano la shilingi chache lilitushinda sote kwa ukweli tangu siku ya kwanza.

Njia ya mwinamo ilifaa, ila haisafishi kila kitu. Inaondoa msuguano usiobadilika. Kapi la boritini linabanwa zaidi kadiri mzigo unavyoongezeka, na msuguano wake unakua pamoja na mzigo, kwa hiyo sehemu yake inabaki ndani ya mwinamo. Nadhani humo ndimo ilimo sehemu ya ile tofauti yetu na maabara, kwa sababu jibu letu liko juu, na msuguano daima husukuma jibu juu.

Kuhusu kitako, Couette mwenyewe hakukihesabu kama sisi. Aliweka silinda za ulinzi juu na chini ya ile inayopimwa, ili ncha zisihusike. Sisi hatukuwa na mashine ya kukereza vipande vitatu vilivyonyooka hivyo, na kwa asilimia 3 hesabu ilitosha.

Watu wameniuliza kwa nini hatukuanza kwa kupima kimiminika chenye mnato unaojulikana, tukaacha kuhangaika na mwanya. Tulifikiria gliserini ya duka la dawa. Gliserini safi kwenye nyuzi 20 ina mnato wa takriban paskali-sekunde 1.41, lakini ikiwa na maji asilimia 5 tu inashuka hadi karibu 0.52, na inavuta unyevu wa hewa. Kwenye hewa ya Pemba, chupa iliyofunguliwa mara tatu si kipimo cha kitu. Sasa tunayo mafuta yaliyopimwa maabara. Kwa 221 na densiti ya 890, mnato ni 0.1967, na mwinamo wa 0.00804 ukigawanywa kwa huo unatoa 0.0409. Tulichokihesabu kwa vipimo vya vipande kilikuwa 0.0399. Namba 0.0409 imeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa kikombe, pamoja na tarehe. Kikombe kikikerezwa tena, beringi ikibadilishwa au kapi likihamishwa, namba hiyo inafutwa, na mafuta yaliyobaki kwenye ile chupa yanatolewa kabatini tuanze upya.